Nusu Inayosahaulika: Swali la Mbegu 400 Kutoka Kwenye Picha

Picha iliingia saa tatu usiku, imepigwa juu ya godoro, kivuli cha simu kimelala katikati ya ukurasa. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa maneno matano: "Mwalimu, jibu langu linakataa kabisa." Aliyetuma ni kijana wa Kidato cha Sita ninayemfundisha tuisheni ya hesabu. Swali lenyewe ni la kitabu cha Kiingereza, na kwa Kiswahili lingesomeka hivi: asilimia 10 ya mbegu za aina fulani hazioti. Mkulima amepanda mbegu 400. Tafuta uwezekano kwamba mbegu zisizoota ni (a) angalau 50, (b) kuanzia 35 hadi 45, zote mbili zikiwamo.

Kijana alikuwa amepata 0.0401 kwenye (a). Nyuma ya kitabu kuna 0.057. Ukilinganisha majibu hayo mawili utadhani kakosea jedwali. Hapana. Alisoma vibaya neno moja, na kosa hilo likamhamishia nusu yake upande usio wake. Nitakupitisha kwenye swali hili tangu picha hadi jibu, kwa sababu maswali ya majaribio mengi yanayofika kwa picha huharibika mahali palepale kila mara.

Anza na picha, usianze na fomula. Ikuze kwenye skrini mpaka kila tarakimu ionekane, kisha nakili swali zima kwa mkono kwenye karatasi. Kuna vitu vitatu tu unavyovitafuta: idadi ya majaribio, uwezekano wa jambo linalohesabiwa, na maneno yanayoweka mpaka. Tarakimu huliwa na kunjo la ukurasa. Kwenye picha hii 4 ya 400 iliangukia kwenye kunjo, ikaonekana kama 1. Nukta ya desimali nayo hupotea kirahisi. Lakini tarakimu zina namna ya kujitetea, kama utakavyoona baada ya muda mfupi. Maneno ya mpaka hayana utetezi huo. Kwa Kiingereza "angalau" na "isiyozidi" huandikwa kwa maneno mawili mawili, la kwanza ni lilelile, na la pili linaishia kwa herufi zilezile. Picha ikififia kidogo, jicho linachagua lenyewe. Alama nazo ni hivyohivyo: kijistari cha chini cha ≥ ni chembamba, kivuli kikipita juu yake unabaki na >. Kijana wangu ndipo alipoangukia. Pembeni ya swali alikuwa ameandika P(X > 50), wakati angalau 50 maana yake ni 50 na kuendelea, yaani P(X ≥ 50).

Kama neno la mpaka halisomeki, omba picha nyingine. Usikisie. Nitakuonyesha kwa nini kukisia hapa ni ghali.

Sasa hesabu yenyewe. Mbegu inaota au haioti, hakuna la tatu. Kila mbegu ina uwezekano uleule wa kutoota, 0.1, na tunachukulia kwamba mbegu moja kutoota hakuiambukizi jirani yake. Hayo yakiwapo, idadi ya mbegu zisizoota, tuiite X, inafuata mgawanyo wa binomia wenye n = 400 na p = 0.1. Angalia kwamba "mafanikio" tunayohesabu hapa ni mbegu kufeli. Wengi huweka p = 0.9 kwa kuwa akili inapenda kuhesabu zilizoota, kisha wanashangaa kwa nini 50 iko mbali sana na wastani. Na lile sharti la kutoambukizana, shambani halishiki sikuzote. Mfuko ulioingiwa na unyevu ghalani huharibu mbegu kwa mafungu, na hapo binomia yenyewe haifai hata kabla hujafika kwenye makadirio. Kwenye swali la mtihani, chukua kwamba sharti limetimia.

Kwa njia kamili ungejumlisha uwezekano wa 50, wa 51, wa 52, hadi 400. Ni vipengele 351. Hata ukigeuza uanze na 0 hadi 49 kisha utoe kwenye 1, bado ni 50, na kila kimoja kina faktoriali za kutisha ndani yake. Kikokotoo cha kawaida cha shuleni hukwama kwenye 70!, kwa sababu hapo ndipo namba inapovuka 10 kwa kipeo cha 100. Kwa hiyo tunaazima mchoro wa kengele, yaani mgawanyo wa kawaida, ukae mahali pa binomia.

Kengele hiyo haiazimwi ovyo. Kanuni ya vitabu vingi ni kwamba np na n(1 − p) vyote vizidi 5. Hapa np ni 40, na n(1 − p) ni 360, tumepita kwa mbali. Andika mstari huo kwenye karatasi ya jibu. Watahini wengi huuwekea alama yake, nao ni wa sekunde kumi.

Kisha wastani na mkengeuko sanifu:

```
wastani = np = 400 × 0.1 = 40
variansi = np(1 − p) = 400 × 0.1 × 0.9 = 36
mkengeuko sanifu = √36 = 6
```

Hapa ndipo tarakimu zinapojitetea. Variansi imetoka 36, na kipeuo chake ni namba nzima. Watunzi wa maswali hupenda hivyo, kwa hiyo kipeuo safi ni dalili nzuri kwamba umesoma sawa. Si ushahidi kamili, maana ungesoma n = 100 variansi ingekuwa 9, na kipeuo chake 3 nacho ni safi. Basi weka kipimo cha pili: 50 iko umbali gani kutoka kwenye wastani? Kwa n = 100 wastani ungekuwa 10, na 50 ingekuwa mbali kwa zaidi ya mikengeuko 13. Hakuna mtunzi anayeuliza hivyo, kwa kuwa jibu lingekuwa sifuri kwenye jedwali lolote. Kwa n = 400, umbali ni 10 juu ya 6, mkengeuko mmoja na theluthi mbili hivi. Hilo ni swali la kweli. Mimi huwa nafanya kipimo hiki kabla ya kugusa jedwali: z ikitoka kubwa kuliko 4, narudi kwenye picha kwanza.

Ila kipimo hiki hakiwezi kukuambia kama ni "angalau 50" au "zaidi ya 50". Zote mbili zina akili. Ndiyo maana nilisema usikisie.

Tufike kwenye nusu. Chora binomia kama safu ya nguzo zilizogusana, moja kwa kila namba nzima. Nguzo ya 50 ina upana wa 1, na namba 50 iko katikati ya kitako chake. Kwa hiyo nguzo hiyo inaanzia 49.5 na kuishia 50.5. Mbegu haziwezi kuwa 49.7, lakini nguzo lazima isimame mahali, na eneo lake ndilo uwezekano wenyewe. Sasa funika kengele juu ya nguzo hizo. Kengele haina ngazi, ni mstari laini unaopita juu ya kila pointi, za desimali zikiwamo. Ukiiambia ianze kuhesabu eneo kutoka 50, inaipasua nguzo ya 50 katikati na kutupa nusu yake ya kushoto. Nusu hiyo ni mali yako, kwa kuwa swali lilisema 50 imo. Kuirudisha ndiko kunakoitwa sahihisho la mwendelezo.

Vitabu vingine vinakupa jedwali la kukariri: alama hii jumlisha 0.5, alama ile toa 0.5. Mimi sikushauri kulikariri, kwa sababu chini ya presha ya mtihani mistari yake inabadilishana mahali. Fanya hivi badala yake. Andika namba tatu zilizo kwenye mpaka, 49, 50, 51. Zungushia zilizomo kwenye swali. Kisha simamisha ukuta katikati ya namba ya mwisho iliyomo na jirani yake asiyemo. Kwa angalau 50, zilizomo ni 50 na 51, jirani asiyemo ni 49, ukuta unasimama 49.5. Kwa zaidi ya 50, iliyomo ni 51 tu, 50 iko nje, ukuta ni 50.5. Kwa isiyozidi 50, zilizomo ni 49 na 50, ukuta ni 50.5 tena, ila safari hii eneo letu liko kushoto. Kwa pungufu ya 50, ukuta ni 49.5 na eneo liko kushoto. Hujakariri kitu, umeangalia tu nani yuko ndani ya nyumba na nani yuko nje.

Sehemu (a), basi, inakuwa hivi:

```
P(X ≥ 50) ≈ P(Y > 49.5)
z = (49.5 − 40) / 6 = 1.58
P(Z > 1.58) = 1 − 0.9429 = 0.0571
```

Nimebadilisha herufi makusudi. X ni hesabu ya mbegu, namba nzima. Y ni kengele iliyoazimwa, yenye wastani uleule wa 40 na mkengeuko uleule wa 6. Ukiandika P(X > 49.5) mtahini mkali atakuuliza mbegu nusu umeiona wapi. Na nusu inaingia kabla ya kutafuta z, si baada yake. Nimewahi kuona karatasi iliyotafuta z = 10/6 = 1.67 vizuri kabisa, kisha ikatoa 0.5 kwenye 1.67. Nusu hiyo ni nusu ya mbegu, si nusu ya mkengeuko. Ukiitoa kwenye z umetoa mbegu tatu nzima.

Kijana wangu alisimamisha ukuta 50.5, akapata z = 1.75 na jibu 0.0401. Tofauti kati ya jibu lake na la kitabu ni 0.017, na hiyo si makosa ya kukadiria. Ni nguzo nzima ya 50, uwezekano wa kupata mbegu 50 kamili zisizoota, aliyoiacha nje ya ukuta. Hiyo ndiyo dalili ya kuitambua siku nyingine. Jibu lako likipishana na la kitabu kwa kiasi kinacholingana na nguzo moja, neno la mpaka limesomwa vibaya. Likipishana kwa nusu ya nguzo, umesahau sahihisho. Kweli, asiyeweka nusu kabisa hapa anapata z = 1.67 na jibu 0.0475, katikati ya hayo mawili hivi.

Neno kuhusu jedwali, maana nalo hupigwa picha. Yako majedwali ya namna tatu. Moja linatoa eneo lote la kushoto, na kwa 1.58 linasoma 0.9429. La pili linatoa eneo kutoka katikati hadi z, linasoma 0.4429. La tatu linatoa mkia wa kulia moja kwa moja, 0.0571. Juu ya ukurasa huwa kuna kengele ndogo iliyotiwa kivuli kuonyesha ni lipi, na kwenye picha ndiyo sehemu inayokatwa kwanza. Ikiwa imekatwa, tazama z = 0: jedwali la mkia na la kushoto yote yataonyesha 0.5000, la katikati litaonyesha 0.0000. Kisha angalia namba zinapanda au zinashuka. Zikipanda kutoka 0.5 ni la kushoto, zikishuka ni la mkia. Kwenye kikokotoo cha fx-991MS ni jambo lilelile kwa herufi tatu: `P(` ni kushoto, `Q(` ni kutoka katikati, `R(` ni mkia wa kulia. Wanafunzi wengi hubonyeza `Q(` wakidhani ndiyo mkia.

Sehemu (b) inahitaji kuta mbili. Kuanzia 35 hadi 45, zote zikiwamo: jirani wa 35 asiyemo ni 34, ukuta wa kushoto ni 34.5. Jirani wa 45 asiyemo ni 46, ukuta wa kulia ni 45.5. Umbali wa kila ukuta kutoka 40 ni 5.5, kwa hiyo z ni −0.92 na 0.92, na eneo la katikati ni 2 × 0.8212 − 1 = 0.6424. Usiburute −0.92 na 0.92 kwa njia ndefu wakati kuta ziko umbali sawa na wastani; ulinganifu wa kengele unakupa njia ya mkato. Ukiacha nusu, z inakuwa 0.83 na jibu 0.593. Kosa hapa ni kubwa kuliko kwenye (a), kwa sababu umepoteza nusu nguzo mbili badala ya moja, na nguzo zenyewe ziko karibu na kilele, ni ndefu.

Anayeona aibu kwa kusahau nusu hii ajue yuko kwenye kundi la heshima. Abraham de Moivre, Mfaransa aliyeishi London, ndiye aliyeonyesha kwanza, kwenye kijitabu cha 1733, kwamba binomia yenye majaribio mengi inaweza kukadiriwa kwa mstari ambao leo tunauita kengele. Mfano wake ulikuwa wa majaribio 3600 yenye uwezekano nusu kwa nusu, na alitaka jambo litokee kati ya mara 1770 na 1830. Wastani ni 1800, mkengeuko ni 30, naye akapata 0.682688, tarakimu sita baada ya nukta. Weka kuta 1769.5 na 1830.5, utapata karibu 0.691. Kwa majaribio 3600 bado nusu inagusa tarakimu ya pili. Anayesema kwamba n ikiwa kubwa nusu haina maana, mwulize mkengeuko ni ngapi. Kinachoamua ni mkengeuko, si n. Nusu juu ya 6 ni kitu, nusu juu ya 30 bado inaonekana, nusu juu ya 500 ndiyo unaweza kuidharau.

Ukiwa na kompyuta, hakiki. Kwenye Excel andika mistari hii miwili kwenye seli mbili:

```
=1-BINOM.DIST(49,400,0.1,TRUE)
=1-NORM.DIST(49.5,40,6,TRUE)
```

Mstari wa kwanza ni binomia yenyewe, bila kuazima kengele. Ndani yake kuna 49, si 50, kwa sababu fomula inajumlisha hadi namba uliyoitaja ikiwamo. Ukiweka 50 umerudia kosa la kijana. Utaona karibu 0.060. Wa pili unatoa 0.0567. Hautoi 0.0571 ya jedwali, kwa kuwa kompyuta haikukata z kuwa 1.58, imebaki na 1.5833. Kwa hiyo 0.057 ya kitabu ni makadirio, na ukweli uko juu yake kidogo. Kwa (b) binomia inatoa karibu 0.640, na kengele yenye nusu inakaribia hapo zaidi sana kuliko ile isiyo nayo.

Kwa nini (a) imekosa kidogo wakati (b) imegonga? Kwa sababu p ni 0.1, na nguzo za binomia hii hazina ulinganifu kamili. Mkia wa kulia umerefuka kuliko wa kushoto. Kengele haijui hilo, ina mikia sawa. Katikati, ziada ya upande mmoja inafidia pungufu ya mwingine, na (b) inafaidika. Kwenye mkia hakuna wa kufidia. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo pengo linavyokua: uliza uwezekano wa mbegu 60 au zaidi kutoota, kengele yenye nusu itakupa z = 3.25 na jibu 0.0006, ilhali binomia inatoa karibu 0.0011. Makadirio yamekupa nusu tu ya ukweli, ingawa np ni 40 na kila sharti la kitabu limetimia. Kwa mtahini hiyo 0.0006 inapata alama zote. Kwa muuza mbegu anayetaka kujua ni wateja wangapi watarudi dukani wakilalamika, afadhali ule mstari wa kwanza wa Excel.

Na siku picha ikileta n = 400 na p = 0.005, usiiguse kengele kabisa. Wastani hapo ni 2, mkengeuko karibu 1.41, na kengele itakumwagia eneo la kutosha chini ya sifuri, kwa idadi hasi za mbegu. Swali la namna hiyo ni la Poisson, nalo halina nusu, kwa sababu Poisson pia huhesabu kwa namba nzima.

Kijana nilimrudishia picha yake mwenyewe, nimechora duara jekundu kwenye neno "angalau" na ukuta kwenye 49.5. Alijibu baada ya dakika nne: "0.0571. Kumbe 50 nilikuwa nimeifungia nje."